Tovuti inafunguka kwako, kwa wengine haifunguki: kagua rekodi ya AAAA

Juzi rafiki yangu alinipigia akiwa amechoka kabisa. Alikuwa amehamishia tovuti yake kwenye seva mpya wiki tatu nyuma, akabadilisha rekodi ya A, akaifungua kwenye kompyuta yake, ikafunguka vizuri. Seva ya zamani akaizima. Tangu hapo wateja wachache wakawa wanamwandikia kwamba tovuti haifunguki, na kila akijaribu mwenyewe anaikuta iko sawa. Mmoja alimwambia jambo lililonifanya nishtuke: simu ileile, kwenye waifai tovuti inafunguka, kwenye data haifunguki.

Ukisikia maneno hayo, anza hapa.

Hatua ya 1: Uliza DNS maswali mawili, si moja

```
dig +short A example.com
dig +short AAAA example.com
```

Rekodi ya A hubeba anwani ya IPv4, ya AAAA hubeba ya IPv6. Rudia kwa `www` na majina mengine yote unayotumia. Kwa rafiki yangu majibu yalikuwa hivi (nimebadilisha anwani):

```
203.0.113.20
2001:db8:5::10
```

Ya kwanza ni ya seva mpya. Ya pili ni ya ile iliyozimwa. Aliyemtengenezea tovuti mwanzoni aliweka zote mbili, na rafiki yangu wakati wa kuhama hakujua kwamba ya pili ipo.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini wewe huoni tatizo

Kama mtandao wako hauna IPv6, kifaa chako kinatumia anwani ya A tu, na anwani iliyokufa haikugusi kamwe.

Kama mtandao una zote mbili, kwa kawaida kifaa huanza na IPv6. Vivinjari vya siku hizi havisubiri sana: mwongozo wa kiufundi wa intaneti RFC 8305 wa mwaka 2017 unapendekeza kungoja milisekunde 250, kisha kujaribu anwani nyingine huku ya kwanza ikiendelea kutafutwa. Mgeni anaona tovuti imechelewa kidogo tu. Lakini programu zisizo na ustadi huo, kama vile skripti ndogo zinazovuta data kutoka kwenye tovuti yako, hung'ang'ania anwani ya kwanza mpaka mfumo ukate tamaa. Kwenye Linux yenye mipangilio ya kawaida hiyo ni kama dakika mbili.

Wanaoumia zaidi ni walio kwenye mitandao ya IPv6 pekee, na mitandao ya simu ya namna hiyo ipo. Tovuti isiyo na AAAA, seva za DNS za mtandao huo huitungia anwani ya IPv6 kutokana na rekodi ya A, na mgeni anafika kupitia mtambo wa kutafsiri. Kazi hiyo inaitwa DNS64. Ila DNS64 hutunga pale tu ambapo AAAA haipo. Wewe unayo, kwa hiyo inamkabidhi mgeni anwani yako iliyokufa jinsi ilivyo. Simu nyingi zina njia ya pembeni ya kupitishia IPv4, inayoitwa 464XLAT, nazo huponea hapo. Isiyo nayo inakwama. Ndiyo maana nasema bila kusita: kukosa AAAA kabisa ni afadhali mara nyingi kuliko kuwa na AAAA mbovu.

Hatua ya 3: Jaribu kwa IPv6 ya kweli

Hapa ndipo nilipopoteza karibu siku nzima mara ya kwanza nilipokutana na tatizo hili, kwa hiyo nenda taratibu.

Nilikuwa naendesha `curl -6` kwenye kompyuta yangu, inashindwa, nami nikaamini nimethibitisha. Nikarekebisha rekodi, nikajaribu tena, bado inashindwa. Nikarekebisha tena. Kumbe mtandao wangu haukuwa na IPv6 hata kidogo, na ingeshindwa kwa tovuti yoyote duniani. Kwa hiyo kabla ya kupima tovuti, pima mahali unapopimia:

```
ping -6 -c 3 2001:4860:4860::8888
```

Hiyo ni anwani ya DNS ya umma ya Google. Isipojibu, usiendelee kutoka hapo. Tafuta seva ndogo yenye IPv6, au mtu mwenye mtandao wa IPv6 akuendeshee amri. Ikijibu, linganisha:

```
curl -4 -sS -o /dev/null --connect-timeout 10 https://example.com/
echo $?
curl -6 -sS -o /dev/null --connect-timeout 10 https://example.com/
echo $?
```

Namba inayochapishwa mwishoni ndiyo ushahidi wako. 0 maana yake imefika na kujibiwa. 28 ni muda umeisha bila jibu: hakuna mtu upande wa pili, au kuna kitu njiani kinachomeza pakiti. Kwa rafiki yangu `-4` ilitoa 0 na `-6` ikatoa 28. 7 ni muunganisho kushindikana. Soma ujumbe wake. Ukiona `Connection refused`, mashine iko hai ila hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango huo. 6 ni jina kutopata anwani, na `curl -6` inaweza kuitoa pia kwenye mashine isiyo na IPv6, ndiyo iliyonipoteza.

Ya kuogopa zaidi ni 60, yaani cheti hakikubaliki. Ukiiona kwenye `-6` tu, huenda anwani yako ya zamani imeshapewa mteja mwingine, na seva yake inawajibu wageni wako. Hapo ule ujanja wa kivinjari hausaidii, kwa kuwa muunganisho umefanikiwa. Hakioni sababu ya kurudi kwenye IPv4. Rekebisha siku hiyohiyo.

Usitegemee kivinjari kupima jambo hili. Kazi yake ni kuficha hitilafu ya namna hii, na kinaifanya vizuri mno. Tumia `curl`.

Hatua ya 4: Futa

Futa AAAA kwenye paneli ya DNS, kwa kila jina. Hata kama seva mpya ina IPv6, mimi hufuta kwanza, wageni wakapata nafuu, ndipo naweka mpya kwa utulivu baada ya kuhakikisha seva inasikiliza huko. Kwa nginx ni kuwepo kwa mstari huu, sambamba na ule wa IPv4:

```
listen [::]:443 ssl;
```

Hatua ya 5: Hakikisha kwenye chanzo, kisha subiri

```
dig +short NS example.com
dig @ns1.example.net AAAA example.com +noall +answer
```

Weka jina ulilopata kwenye amri ya kwanza badala ya `ns1.example.net`. Ikirudi tupu, kazi yako imekwisha, hata kama mgeni bado analalamika. Mtandao wake unaweza kuendelea kushika jibu la zamani mpaka TTL, yaani muda wa kulihifadhi jibu, iishe. Ya rafiki yangu ilikuwa 86400, yaani saa 24. Tulifuta asubuhi, chanzo kikarudi tupu papo hapo, na yule mteja wa simu akaandika kesho yake kwamba tovuti imefunguka kwenye data.