Kupanga diya za Diwali: acha nafasi ya mkono utakaojaza mafuta

Kila mwaka Diwali inapokaribia huulizwa maswali yale yale: diya zikae umbali gani, upepo uzuiwe kwa kitu gani, na mafuta yaongezwe vipi bila kuharibu mapambo. Nimeamua kuandika yote mahali pamoja ili anayeuliza aelekezwe hapa. Ninazungumzia diya za udongo zisizopakwa rangi, zenye utambi wa pamba na mafuta ya kula, kama tunavyoziwasha nyumbani kwetu Mombasa.

1. Loweka diya mpya ndani ya maji kwa saa 6 au usiku kucha, kisha zikaushe kwa siku nzima, kwa sababu udongo mkavu hunywa mafuta na kuyavujisha chini.

2. Loanisha utambi wote kwa mafuta kabla ya kuulaza, na ncha yake itokeze nusu sentimita tu nje ya mdomo wa diya. Ukitoa moshi mweusi, ni mrefu mno.

3. Weka kila diya juu ya kigae au kisahani cha bati chenye mchanga. Usitandike gazeti, kitambaa wala karatasi ya mapambo.

4. Jaza mafuta mpaka nusu sentimita chini ya ukingo. Diya zangu zina upana wa sentimita 7, hubeba mililita 20 hivi, na huwaka takriban saa 2 na nusu.

5. Pima nafasi. Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo naomba msome bila haraka.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanga safu tatu juu ya benchi la veranda, safu moja nyuma ya nyingine kwa umbali wa sentimita 10, na chini yake nikatandika kitambaa chekundu. Zilipowashwa zilipendeza sana. Baada ya saa 2 diya za nyuma zilianza kufifia, nami nikachukua jagi la jikoni, nikapitisha mkono juu ya safu mbili zilizokuwa zikiwaka, nikamimina mafuta ndani ya diya ambayo bado ilikuwa na moto. Jagi lina mdomo mpana, hivyo mafuta yalifurika. Utambi ulielea, ukatoka mdomoni na kuangukia katikati, ukawasha uso mzima wa mafuta badala ya ncha moja, na yale yaliyofurika yakateremka na moto wake hadi kwenye kitambaa. Pindo la dupata yangu lilikuwa limekwisha kushika moto kabla sijauona. Kijana mmoja alikuja mbio na ndoo ya maji, na mama mdogo akamzuia, kwa kuwa maji yakimwagwa juu ya mafuta yanayowaka huyarusha pande zote. Yeye aliuzima kwa mchanga wa chungu cha maua.

Tangu siku hiyo sipangi diya kwa kutazama tu jinsi zitakavyoonekana zikiwa zimejaa, bali natazama kwanza mkono utapita wapi zitakapokaribia kuisha. Sheria zangu ni hizi: sentimita 20 kutoka utambi mmoja hadi mwingine; safu moja tu mahali popote ambapo mtu hawezi kuifikia kutoka pande zote mbili; mkono usipite kamwe juu ya moto kuufuata moto mwingine; na mita 1 iwe wazi juu ya diya na pembeni mwa pazia au toran inayoning'inia. Sentimita 20 huonekana nyingi mchana. Subirini giza liingie, maana Diwali huwa usiku usio na mwezi, na kila mwali hueneza mwanga wake hadi nafasi hizo zijazwe na nuru.

6. Tafuta upepo unatoka wapi jioni ile ile, wala si jana yake. Diwali huangukia kati ya nusu ya pili ya Oktoba na nusu ya kwanza ya Novemba, wakati kusi imepungua nguvu na kaskazi haijashika vizuri, kwa hiyo pwani upepo hubadilika. Washa ubani wa kijiti mahali diya zitakapokaa, uutazame moshi kwa dakika 5. Upande unakotokea upepo, panga matofali yaliyosimama kwa wima, sentimita 15 kutoka kwenye diya, na uache upenyo mdogo kati ya tofali na tofali. Ukuta ulioziba kabisa huufanya upepo uruke juu na kushuka kwa kuzunguka, na mwali hulala huku na huku. Upenyo huuvunja upepo nguvu. Diya zilizo juu ya ukuta wa roshani zishushwe chini, upande wa ndani, zikae kwenye kivuli cha upepo.

7. Mafuta yasiongezwe ndani ya diya inayowaka. Mimi siku hizi sijazi kwenye safu kabisa, nabadilisha. Naandaa diya za akiba zikiwa na mafuta na tambi zilizoloana, juu ya sinia mezani. Diya ikianza kupungua mwali, naufunika kwa kifuniko kidogo cha bati mpaka uzimike (kwetu hatupulizi diya kwa mdomo), naiondoa kwa koleo, naweka ya akiba mahali pake na kuiwasha. Ile iliyotoka hupoa kwa dakika 15, kisha hujazwa pale mezani kwa chupa yenye mdomo mwembamba na kuingia zamu yake.

Mfano wa mwaka jana. Ukuta wa veranda una urefu wa mita 6. Niliacha sentimita 30 kila mwisho, zikabaki mita 5 na sentimita 40, ambazo kwa nafasi ya sentimita 20 zinachukua diya 28. Ngazi ni 4, nikaweka diya 1 kila ngazi, upande wa ukutani tu, kwa sababu upande wa pili hupita sari na watoto. Rangoli, pambo letu la unga sakafuni, ilikuwa duara la upana wa mita 1 na sentimita 20. Mzingo wake ni karibu mita 3 na sentimita 77, unaotosha diya 18, lakini niliondoa 2 zinazofuatana upande wa nyumbani ili kubaki mlango wa kama sentimita 60, na katikati nikaweka diya moja kubwa ya mililita 60. Kupitia mlango ule mkono unaifikia diya ya katikati bila kuvuka moto wowote, na diya 16 za mzingo zinahudumiwa kwa nje. Jumla ni diya ndogo 48 na kubwa 1, yaani mafuta zaidi kidogo ya lita 1 kwa mjazo wa kwanza. Tuliwasha saa 12 na nusu jioni. Saa 2 na nusu usiku tulianza kubadilisha kutoka mwanzo wa ukuta, tukiwa na diya 12 za akiba, na saa 4 tukazima zote. Ndoo ya mchanga ilikaa mlangoni muda wote, pamoja na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia tu.

MASWALI

Mkazi wa Kisumu: Asante kwa somo. Diya na diya ziachane kwa umbali gani?

Mwandishi: Sentimita 20. Imeandikwa katika hatua ya 5, ambayo niliomba isomwe bila haraka.

Baba Wawili: Mafuta ya ufuta yamepanda bei. Nikichanganya nusu kwa nusu na mafuta ya taa kuna ubaya gani?

Mwandishi: Usichanganye. Mafuta ya kula hayashiki moto bila utambi mpaka yapate joto kali sana. Mafuta ya taa hutoa mvuke unaoshika moto kwa joto lisilozidi sana lile la siku ya jua kali, na diya ni chombo kilicho wazi.

Baba Wawili: Lakini kibatari chetu kinatumia mafuta ya taa miaka yote.

Mwandishi: Kibatari kina kifuniko, na utambi wake hupita kwenye tundu jembamba. Diya haina. Ukitaka nafuu, tumia mafuta ya alizeti.

Msichana wa Tanga: Shikamoo dada. Nilijaribu diya mbili zikiwa karibu sana, nikaona miali inainamiana kama inavutana, ingawa hakukuwa na upepo. Ni kwa nini?

Mwandishi: Marahaba, mdogo wangu, umeangalia vizuri. Kila mwali hupandisha hewa ya moto juu na kuvuta hewa baridi kutoka pande zote. Diya mbili zikikaribiana, hewa ya katikati huvutwa na zote mbili na haitoshi, huku ya nje ikiingia kwa wingi, ndiyo maana miali husukumwa kuelekeana. Ikiinama hivyo, mwali huulamba ukingo wa diya, udongo hupata joto, mafuta huwa mepesi na kupanda kwenye utambi kwa kasi, kwa hiyo diya hiyo huisha mapema kuliko wenzake. Jaribu kuzitenganisha kidogo kidogo mpaka miali isimame wima, upime hapo. Kwa diya zangu husimama wima kabla ya sentimita 20, nafasi inayobaki ni ya mkono.

Msichana wa Tanga: Zilisimama zikiwa na sentimita 12. Je, nikitumia bilauri za kioo badala ya matofali?

Mwandishi: Zinafaa zikiwa pana na wazi juu, na diya ikae katikati bila mwali kugusa kioo, kwa sababu kioo chembamba kikipata joto upande mmoja hupasuka. Kumbuka pia kwamba bilauri ndefu hukuzuia kuufunika mwali kwa kifuniko, hivyo tayarisha kifuniko cha bati kinachoziba mdomo wa bilauri yenyewe.

Mpangaji, Nairobi: Mimi natumia mafuta ya nazi, na usiku diya za nje zinazimika zikiwa bado zimejaa. Tambi ni nzuri.

Mwandishi: Ni baridi, ndugu yangu. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Nairobi hushuka chini ya hapo. Karibu na mwali huyeyuka, lakini yaliyo pembeni hubaki yameganda na hayaufikii utambi. Tumia ufuta au alizeti nje, nazi ibaki ndani. Samli nayo huganda, kwa hiyo sisi huitumia kwa diya ya madhabahu peke yake.

Mama wa Kariakoo: Nyongeza kuhusu rangoli: unga wa mchele usimwagwe baada ya diya kuwashwa. Mwanangu alinyunyiza karibu na mwali, unga ukawaka hewani kwa mara moja.

Mwandishi: Ahsante sana, mama. Nilipaswa kuliandika. Rangoli imalizike kwanza, diya zifuate, na petali za maua zikae mbali na ukingo wa diya, kwa kuwa kufikia saa 3 usiku huwa zimekauka.

Mama wa Kariakoo: Na madoa ya mafuta sakafuni?

Mwandishi: Nyunyizia majivu makavu usiku ule ule, uyafagie asubuhi, ndipo uoshe kwa sabuni. Kwenye saruji isiyopakwa rangi rudia mara 2.

Mkazi wa Kisumu: Samahani kwa swali la mwanzo, sasa nimesoma yote. Roshani yangu ina upana wa mita 2 tu na hakuna pa kusimama upande wa nje.

Mwandishi: Hakuna neno. Weka safu moja, upande wa ndani, sakafuni chini ya ukuta. Ukiacha sentimita 30 kila mwisho unapata diya 8. Andaa 3 za akiba, na nguo zilizoanikwa ziondolewe kabla ya kuwasha.