Kabla ya kupanda bustani ya shule: anza na tarehe ya mitihani

Mwalimu akikabidhiwa bustani ya shule, jambo la kwanza huwa ni kutafuta majembe. Afadhali atafute kalenda. Muhula wa kwanza Tanzania huanza Januari na kumalizika mwanzoni mwa Juni, na katikati kuna likizo fupi. Wiki mbili za mwisho ni za mitihani, na hapo hakuna atakayewapa watoto ruhusa ya kwenda kuvuna. Kwa hiyo hesabu wiki kurudi nyuma kuanzia mtihani, si kuanzia siku ya kufunga shule.

Hesabu hiyo ndiyo itakayokuchagulia zao. Mahindi ya kukausha hayamalizi safari ndani ya muhula. Maharage yaliyopandwa na mvua za masika mwezi Machi hukauka takribani siku 75 hadi 90 baadaye, kutegemea aina, yaani watoto wakiwa mtihanini au wameshaondoka. Mchicha uko tayari baada ya wiki tatu hadi nne. Kunde nazo ukizitaka kwa majani, unaanza kuchuma karibu na wiki ya nne. Kwa mwalimu anayeanza, ningesema mchicha peke yake unatosha, kwa sababu darasa litauona ukipandwa, ukivunwa na kupandwa tena kabla muhula haujaisha.

Tuseme una matuta matatu. Wiki mbili za mwanzo ni za kupima eneo, kujaribu mbegu na kuchanganya samadi iliyooza vizuri. Tuta la kwanza lipandwe wiki ya tatu, la pili ya nne, la tatu ya tano, ili mavuno yaje wiki ya saba, ya nane na ya tisa badala ya kurundikana siku moja. Likizo fupi ikiangukia wiki ya kumi na moja, tuta la kwanza usilirudishie mbegu wiki ya saba, kwani litakomaa shule ikiwa imefungwa na utakuta limeshavunwa na wengine, au na mbuzi. Lipumzishe, liongezee samadi, ulipande wiki ya tisa uvune ya kumi na tatu. Wakati wa likizo miche itakuwa midogo. Ila lazima kabla ya kufunga ukubaliane kwa jina na mtu wa kuimwagilia, hata kama unategemea masika.

Maji ndiyo kikomo halisi cha ukubwa wa bustani, kuliko ardhi. Tuta la mita 1 kwa mita 5 ni zuri kwa sababu mtoto akisimama pembeni mkono wake unafika katikati bila kukanyaga udongo. Ukilipa lita 5 kwa kila mita ya mraba, tuta moja linataka lita 25 kwa siku isiyo na mvua, na matuta matatu lita 75. Watoto wafanye hesabu hiyo wenyewe kwa ndoo za lita 10, halafu waangalie bomba au kisima kiko umbali gani. Ikionekana ni nyingi mno, punguza tuta moja sasa hivi, siyo Februari jua likiwa kali.

Mbegu za dukani zijaribiwe kabla ya kuaminiwa. Hesabu mbegu 50, zitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka ndani ya sahani na usiache pakauke. Baada ya wiki moja hesabu zilizochipua. Zikiwa 40, ni asilimia 80, zinafaa. Zikiwa 20, ama ubadilishe pakiti ama upande nyingi zaidi, na darasa lipige hesabu ni ngapi zaidi. Mbegu za mchicha ni ndogo sana, hivyo changanya na mchanga mkavu kabla ya kuzinyunyiza kwenye mistari, la sivyo mwanzo wa mstari utakuwa msitu na mwisho wake jangwa.

Vifaa vya kupimia viandaliwe na kukaguliwa mapema. Chukua rula ya kawaida ya mwanafunzi uitazame: mara nyingi sifuri haianzii ukingoni, kuna nafasi ndogo kabla yake. Mtoto akiisimamisha udongoni kupima mche wa sentimita 3, atakosea kwa hiyo nafasi, na kwa mche mdogo kosa hilo ni kubwa. Kateni mbao nyembamba mchore vipimo kuanzia ukingoni. Mkubaliane pia mnapima nini: kutoka usawa wa udongo hadi ncha ya ukuaji, siyo hadi ncha ya jani lililovutwa juu. Halafu chagueni miche mitano mapema, muifunge uzi wa rangi, na ipimwe hiyo hiyo kila wiki. Bila uzi, watoto watakimbilia mirefu kuliko yote kila wakati, na wastani utapaa bila sababu.

Daftari liwe moja, kaunta buku yenye jalada gumu, nalo liende bustanini. Safu tano zinatosha: tarehe, tuta, kilichofanyika, kipimo, jina la aliyepima. Kanuni ni kwamba kinaandikwa pale pale tutani. Kumbukumbu zinazojazwa darasani Ijumaa hutambulika upesi. Mche unaongezeka sentimita 2 kila wiki bila kupungua wala kuzidi, na siku ya mvua kubwa bado imeandikwa kuwa walimwagilia. Ukiona urefu umeshuka kutoka 14 hadi 12, usifute. Nenda nao mkaangalie. Huenda palizi imerundika udongo kwenye shina, au uzi umefungwa kwenye mche mwingine. Mimi huiona hiyo kuwa saa bora ya somo katika muhula mzima.

Mavuno yakadiriwe kabla ya kung'olewa, maana hapo ndipo vipimo vyote hukutana. Tengenezeni fremu ya vijiti ya sentimita 50 kwa 50, yaani robo ya mita ya mraba. Siku moja kabla ya kuvuna, iwekeni sehemu tatu: mwanzo wa tuta, katikati na mwisho. Vuna kilichomo, kata mizizi, kung'uta maji, pima. Tuseme mmepata gramu 280, 210 na 230. Wastani ni 240, mara nne ni gramu 960 kwa mita ya mraba, mara tano ni kilo 4.8 kwa tuta. Mngepima mwanzo tu penye gramu 280 mngeahidi kilo 5.6 na kushindwa kuzifikisha. Kesho yake kilo zilizovunwa, pamoja na zile za fremu, ziandikwe kando ya makadirio.

Kwa gramu 100 za mboga mbichi kwa mtoto, kilo 4.8 ni sahani 48. Hii haitoshi shule nzima, na mpishi aambiwe hivyo mapema. Amueni kabla ya kupanda mboga inakwenda wapi: darasa moja kila wiki kwa zamu, au mafungu ya kuuza. Kama ni kuuza, pimeni mafungu matano ya sokoni kwanza mjue fungu ni gramu ngapi. Kila kinachotoka kipite kwenye mzani na kwenye daftari, hata fungu la mwalimu mkuu.

Na mtoto aliyechelewa shule asipelekwe kupalilia kama adhabu. Elimu ya Kujitegemea ina umri tangu 1967, na bado kuna watu wazima wanaolikumbuka shamba la shule kwa fimbo tu. Adhabu itafutiwe mahali pengine.