Wastani wa mvua ya Njoro na shamba la Lare

Msimu mmoja nilisimama mbele ya wakulima wa Njoro, Kaunti ya Nakuru, nikiwa na jedwali la mvua nililolitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta. Kila kaunti ndogo ilikuwa na nambari yake moja. Nikawasomea ya Njoro, nikasema mvua ya kwetu inatosha mahindi ya H614, yale yanayokaa shambani miezi sita na zaidi. Mama mmoja kutoka Lare akaniuliza, "Bwana shamba, hiyo mvua unayosoma ilinyesha kwa nani?" Watu wakacheka. Niliporudi ofisini nikafungua tena ramani, nikaona kwamba hesabu ilikuwa sahihi na ushauri ulikuwa mbovu.

Wenzangu wa ugani siku hizi wengi wanatumia QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora na kuchambua ramani, na wengi wanafanya kosa lile lile. Kwa hiyo nieleze jedwali kama lile linavyotoka, na ni wapi linapotupoteza.

Mvua inayokadiriwa kwa setilaiti huja kama rasta, yaani ramani iliyokatwa miraba kama ubao wa drafti, kila mraba na nambari yake. Tunazozitumia sana ni data za CHIRPS, zinazoanzia mwaka 1981. Zinachanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini. Kila mraba wake una upande wa nyuzi 0.05, na hapa kwetu kwenye ikweta hiyo ni kama kilomita tano na nusu. Mraba mmoja basi unafunika karibu kilomita za mraba 31. Faili la mwezi linatoa milimita zilizonyesha mwezi mzima.

Takwimu za kanda ni kazi ya kutandaza mipaka juu ya miraba hiyo, kuokota miraba iliyoangukia ndani ya kila mpaka, kisha kuifanyia hesabu: wastani, jumla, ndogo kabisa, kubwa kabisa. Kwa mvua tunataka wastani. Kwa idadi ya watu tunataka jumla, na hilo nitalirudia.

Kwanza unganisha miezi. Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza: nilijumlisha Machi, Aprili na Mei tu kwa sababu hiyo ndiyo mvua ndefu ya vitabuni. Lakini mahindi ya muda mrefu yaliyopandwa Nakuru mwishoni mwa Machi bado yako shambani Agosti, na mvua ya Julai na Agosti ndiyo inayoyajaza punje. Kwa hiyo nachukua Machi hadi Agosti. Kwenye `Raster Calculator` naandika:

```
"chirps-v2.0.2023.03@1" + "chirps-v2.0.2023.04@1" +
"chirps-v2.0.2023.05@1" + "chirps-v2.0.2023.06@1" +
"chirps-v2.0.2023.07@1" + "chirps-v2.0.2023.08@1"
```

Kisha nafungua `Processing Toolbox`, natafuta `Zonal statistics`. Kwenye `Input layer` naweka mipaka, kwenye `Raster layer` naweka rasta niliyoijumlisha, na kwenye `Output column prefix` naandika `mv_` ili nisichanganye safu baadaye. Programu yenyewe huchagua hesabu ya miraba, jumla na wastani. Mimi naongeza ndogo kabisa na kubwa kabisa, na nawasihi msiache kuziongeza.

Mipaka yenyewe itazamwe kwanza. Kabla ya uchaguzi wa 2013, Njoro ilikuwa ndani ya eneo bunge la Molo. Faili la zamani litakupa "Molo" kubwa iliyomeza Njoro, na hakuna kitakacholalamika kwenye skrini.

Sasa tuikokotoe Njoro yenyewe. Nambari hizi ni za kufundishia hesabu tu, sikuzitoa kituoni. Tuseme miraba 23 imeangukia ndani. Minane iko juu, upande wa Mau Narok na Mauche, kila mmoja una milimita 720. Tisa iko katikati, ina milimita 600. Sita iko chini, kule Lare inakotelemka kuelekea Ziwa Nakuru, ina 430. Jumla ya yote ni 13,740. Gawanya kwa 23, unapata 597.

Milimita 597 ni nambari nzuri. Tatizo ni kwamba Lare hakuna aliyeipata. Mkulima wa Lare amepata 430, yaani upungufu wa 167 dhidi ya kile nilichomsomea, na kwa mahindi ya muda mrefu pengo hilo linamwachia magunzi. Mau Narok nao hawakuipata. Wao walipata 720 na baridi juu yake, na wengi wanalima viazi na ngano. Nambari ya kaunti ndogo imewafaa watu wa katikati peke yao.

Ndiyo maana nataka safu za `mv_min` na `mv_max`. Ukiona moja inasema 430 na nyingine 720, usiandike wastani huo kwenye karatasi ya kumpa mkulima. Kaunti ndogo inayopanda kutoka sakafu ya Bonde la Ufa hadi mabega ya Mau haiwezi kuwa na mvua moja. Kule Kisumu, Kaunti ndogo ya Muhoroni ina shida ya namna hiyo: tambarare upande mmoja, ukingo wa Nandi upande mwingine.

Wazo linalokuja haraka ni kushuka ngazi moja, kupiga hesabu kwa wadi. Njoro ina wadi sita: Mau Narok, Mauche, Kihingo, Nessuit, Lare na Njoro. Inasaidia, ila tazama safu ya `mv_count`. Wadi yenye kilomita za mraba 100 itapata miraba mitatu hivi. QGIS huuokota mraba kama kitovu chake kimeangukia ndani ya mpaka, basi. Mraba ulioingia kwa nusu kasoro kidogo unatupwa wote, ulioingia kwa nusu na ushee unahesabiwa wote. Ukiwa na miraba 23 makosa hayo yanafidiana. Ukiwa na mitatu, mraba mmoja wa mpakani unabeba theluthi ya jibu. Wadi za mjini Kisumu hazifikishi hata mraba mmoja. Hapo programu inabadilisha njia na kupima sehemu ya mraba inayokatwa na mpaka, na wadi mbili jirani zinaweza kutoka na mvua ile ile hadi desimali. Ukiona hivyo, jua umesoma mraba mmoja mara mbili. Kuukata mraba vipande vidogo ili ramani ilainike hakuongezi habari yoyote.

Kilichonifaa mimi ni kuacha mipaka ya utawala. Nilichukua ramani ya kanda za kilimo na ikolojia, zile za alama kama UH2 na LH3, nikaikata kwa mpaka wa Njoro, nikapiga takwimu kwa vipande hivyo. Kila kipande kina mwinuko unaokaribiana na miraba ya kutosha, na wakulima wake wanapanda mazao yanayofanana. Wadi nikaziandika pembeni tu, ili mtu ajue yuko kipande gani.

Kuna hitilafu nyingine ambayo haionekani haraka. Mahali pasipo na kipimo, faili la CHIRPS huweka -9999. Programu ikiambiwa kwamba hiyo ni alama ya pengo, inauruka mraba huo. Isipoambiwa, inaihesabu kama mvua. Rudi kwenye miraba yetu 23, fanya mmoja wa Lare uwe -9999 kila mwezi, yaani -59,994 kwa miezi sita. Wastani unashuka kutoka 597 hadi -2,030. Hapo utashtuka, na `mv_min` itakuonyesha mwizi. Lakini kama mtu aliyekupa faili amejaza pengo kwa sifuri, wastani unakuwa 579, na hakuna atakayeshtuka. Dawa ni ile ile: soma `mv_min`. Miezi sita ya masika Njoro bila tone haipo. Kando ya Ziwa Victoria isome kwa makini zaidi, kwa sababu baadhi ya mafaili ya mipaka yanaichora Seme au Nyakach pamoja na maji ya ghuba. Mpaka wa namna hiyo ukatwe ufukweni kwanza, maana hakuna anayepanda mtama ziwani.

Kabla ya kuamini chochote, linganisha mraba mmoja na kipimo cha ardhini. Njoro tuna bahati, Chuo Kikuu cha Egerton kina kituo cha hali ya hewa. Chukua mraba ulio juu ya kituo, si wastani wa wadi, ulinganishe mwezi kwa mwezi. Zikitofautiana kidogo ni kawaida, kwa kuwa mraba ni wastani wa kilomita za mraba 31 na kipimo ni chombo kimoja uani. Zikitofautiana mara mbili, kwanza angalia kama unalinganisha mwezi ule ule kweli.

Na mwaka mmoja si hali ya hewa. Aprili 2024 ilituletea mafuriko, Mai Mahiu ikazikwa na maji na matope. Ukimpangia mtu mbegu kwa rasta ya mwaka huo umemdanganya. Mimi napiga takwimu za kila mwaka peke yake, 1991 hadi 2020, halafu sitoi wastani wa miaka 30. Nahesabu ni miaka mingapi kipande cha Lare kilishuka chini ya kiwango ambacho mbegu fulani inahitaji. Mkulima anaelewa haraka ukimwambia "katika miaka kumi, minne hukosa" kuliko ukimpa desimali.

Sasa idadi ya watu, kwa ufupi. Ukitaka kujua kaunti ndogo ina watu wangapi ili upange magunia ya mbegu ya ruzuku, rasta za WorldPop zina miraba ya takriban mita 100, na kila mraba una hesabu ya watu waliomo. Hapo unasoma `_sum`. Wastani utakupa watu kwa mraba, nambari isiyogawa gunia lolote. Usiipanue rasta hiyo hadi miraba ya kilomita moja kwa kuchukua wastani: miraba 100 inakuwa mmoja na jumla yako inapungua mara mia. Jumlisha kaunti ndogo zote za Nakuru uone kama unakaribia watu 2,162,202 wa sensa ya 2019. Kisumu ni 1,155,574. Ukipata elfu ishirini na kitu kwa Nakuru nzima, ujue ulipoharibu.

Jedwali langu la Njoro sasa lina mistari minne badala ya mmoja, na safu ya miraba iko wazi pembeni ya kila mstari. Mstari wa chini umeandikwa "Lare na tambarare", na mbele yake hakuna H614. Kuna mbegu za kukomaa mapema, maharagwe, na ukumbusho wa kuzibua mkondo wa silanga kabla Machi haijaisha.