Pima uchovu wa Jumatatu, si wa Ijumaa

Jipe alama za uchovu, 0 hadi 10, Ijumaa ukitoka kazini na Jumatatu kabla hujapanda matatu. Uchovu wa kawaida hushuka ukilala. Ule wa kuelemewa na kazi hushuka kidogo tu, au haushuki kabisa. Mwezi Juni, tukifunga hesabu za mwaka hapa Kisumu, Ijumaa nilikuwa 8, Jumatatu 7, wiki tatu mfululizo, na simu ya mteja ikilia naikunjia uso kabla sijaipokea. Hapo ndipo nilipoomba likizo, kabla kichwa na usingizi havijaharibika. Kipimo hiki hudanganya ukiwa na mtoto mchanga, au wikendi yote umekesha matangani. Pia malaria na upungufu wa damu huchosha vivyo hivyo, kwa hiyo pima damu kwanza.