Kutu kwenye shati jeupe, usikimbilie jiki

Shati jeupe la pamba likishika kutu ya waya wa kuanikia achana na jiki kabisa, hiyo ndo inafanya kutu ing'ang'anie zaidi. Kamulia limau juu ya doa, nyunyiza chumvi, weka juani kama nusu saa na likianza kukauka ongeza limau, halafu suuza maji mengi ndo ufue na sabuni. Asidi ya limau inayeyusha kutu inatoka na maji, ila ukiiacha ikaukie hapo inadhoofisha pamba. Kitenge au nguo ya rangi jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, rangi ikihamia kwenye kitambaa cheupe basi acha. Wino wa peni limau halitoi, huo jaribu spiriti.