Mzazi akikutumia hela Marekani: ni zawadi au mkopo?

Kwanza nitoe hofu: ukiwa Marekani na mzazi wako wa Bongo au Kenya akakupa hela kama zawadi, hiyo sio kipato, hulipi kodi ya mapato hata iwe nyingi vipi. Shida ni kuripoti, na hapo ndo watu wengi wanaumia.

Chukua mfano dada yuko Minnesota ana grinikadi, wazee wameuza kiwanja Moshi, baba kamtumia dola 70,000 na mama 50,000 aongezee kwenye dipoziti ya nyumba. Anasema mimi niko chini ya laki moja kila mtu, niko salama. Hapana. IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, wanajumlisha watoaji ambao ni wa familia moja, kwahiyo ni 120,000, imevuka 100,000 kwa mwaka, lazima ajaze Fomu 3520 ya kuripoti zawadi kutoka nje. Inatumwa peke yake, haiambatanishwi na ritani ya kodi, ila deadlaini ni ileile ya Aprili 15, ukiomba kuongezewa muda wa ritani inasogea hadi Oktoba 15. Ukichelewa bila sababu ya msingi faini ni asilimia 5 ya hela yote kwa kila mwezi, mwisho asilimia 25, yaani huyu dada anaweza kudaiwa 30,000 kwa hela ambayo haikuwa na kodi hata senti!

Sasa kuna wanaoona bora waseme ni mkopo maana mkopo wa kweli haujazwi kama zawadi kwenye ile fomu. Sawa, lakini uwe mkopo kweli: karatasi iliyosainiwa kabla hela haijaingia, tarehe za kurudisha, na marejesho yanayoonekana benki. Miaka mitano hujarudisha hata mia na mzee hajawahi kukudai, huo mkopo utautetea vipi? Na ukimlipa mzee riba, kwa kawaida unatakiwa umkate asilimia 30 ya hiyo riba uipeleke IRS, hili wengi hawaambiwi. Mzee akikusamehe deni baadae, kile kilichobaki kinageuka zawadi ya mwaka huo.

Halafu angalia hapa, benki inayokupa mkopo wa nyumba itataka barua ya mzazi inayosema hela ni zawadi na haitarudishwa. Ukisaini hiyo, huwezi tena kuja kuwaambia IRS ulikopa, na kama ni deni kweli ukawaficha benki hilo ni kosa kubwa zaidi. Amueni na wazee mapema, iandikwe hivyohivyo kila mahali.

Kama ulipokea miaka ya nyuma na hukujaza, usikae kimya ukisubiri barua. Jaza sasa na uambatanishe maelezo ya kwanini ulichelewa, maana Oktoba 2024 IRS walitangaza kuacha faini za papo hapo kwa zawadi za nje, wanasoma maelezo yako kwanza.