Kupima mtoto anavyofikiri ukiwa nyumbani: vizibo vya soda, kanga mbili na uzi wa mita moja

Nafundisha darasa la awali mwaka wa 14 sasa, na swali ninaloulizwa sana na wazazi ni hili, mwalimu huyu mtoto yuko ngazi gani? Wengi walishasikia zile ngazi nne za Jean Piaget, yule Mswisi aliyeanza kwa kukaa na wanawe watatu na kuandika kila wanachofanya. Kwa kifupi alisema hivi, mpaka miaka 2 mtoto anafikiri kwa mikono na macho, kuanzia 2 hadi 7 anatumia maneno na picha kichwani ila anadanganywa na anachokiona, kuanzia 7 hadi 11 anafikiri vizuri juu ya vitu alivyovishika, na kuanzia 11 hivi anaanza kuweza mambo ya dhahania, ya "tuseme ingekuwa hivi". Mpangilio mzuri, unashikika kichwani haraka. Shida inaanza pale unapouchukua kama rula ya kumpimia mtoto, kwa sababu jaribio lilelile ukiligeuza kidogo tu mtoto "anapanda ngazi" ndani ya dakika tano, na hapa nataka nikuoneshe kwa mikono yako mwenyewe.

Tafuta vitu hivi: vitambaa viwili vinavyofanana (mi nakata kanga iliyochakaa), kitu kimoja mtoto anachokipenda, vizibo vya soda 14, mdoli wowote, uzi wa mita moja na kidogo, mawe mawili madogo moja zito kuliko lingine, na simu ya kuhesabia sekunde.

Hatua ya 1: kitu kilichofichwa (miezi 8 hadi 12)

Mkalishe mtoto mapajani kwa mama yake, tandaza vitambaa viwili mbele yake, kimoja kushoto kimoja kulia, vyote afikie kwa mkono. Ficha kile kitu anachokipenda chini ya cha kushoto huku anakuona, muache achukue. Rudia mara tatu au nne palepale kushoto. Halafu ukiwa unamuonesha kabisa, ficha chini ya cha kulia, hesabu sekunde tatu, ndo umsogezee. Watoto wengi wa miezi 8 au 9 watakwenda kushoto! Wamekuona, ila mkono unaenda kulekule ulikozoea. Piaget alisema hapo mtoto bado hajaelewa kwamba kitu kina maisha yake, kipo hata asipokigusa yeye.

Sasa geuza. Mara ya kwanza usisubiri kabisa, ficha kulia na umsogezee papo hapo. Wengi wanapatia. Mtafiti Adele Diamond aliwafuatilia watoto hivi na mwaka 1985 akaonesha kwamba mtoto wa miezi 7 na nusu anakosea hata ukimchelewesha chini ya sekunde 2, ila akifika mwaka lazima umcheleweshe kama sekunde 10 ndo akosee. Yaani kinachokua hapo ni uwezo wa kushika jambo kichwani na kuuzuia mkono usifuate mazoea, na unakua kidogo kidogo mwezi kwa mwezi, hakuna siku analala hajui na kuamka anajua.

Geuza tena: zile raundi za kushoto afanye amekaa, na kabla ya raundi ya kulia mama amsimamishe. Linda Smith na Esther Thelen walifanya hivi na makosa yakapungua, maana mwili ukibadilika mkao ile kumbukumbu ya mkono nayo inavurugika. Mi jambo hili lilinishangaza kuliko yote niliyosoma, kwamba kumsimamisha mtoto tu kunabadilisha jibu la swali ambalo tulidhani ni la akili tupu.

Yupo pia Renée Baillargeon ambaye hakutaka mkono kabisa, aliangalia macho. Watoto wa miezi 3 na nusu hadi 4 na nusu walioneshwa ubao unaoinuka na kulala kama mlango wa sakafuni, nyuma yake pana boksi, halafu ubao ukaonekana unalala mpaka chini kana kwamba boksi halipo. Waliukodolea macho muda mrefu zaidi kuliko ulipoishia kwenye boksi. Yeye anasema walijua boksi lipo. Wapo wanaopinga, kwamba kukodoa macho sio kujua, na mi naona hoja yao ina uzito, kwa hiyo usimwambie jirani yako kwamba wa miezi minne anaelewa kila kitu.

Hatua ya 2: vizibo (miaka 4 hadi 6)

Hapa ndo kwenye utamu, usiharakishe. Panga vizibo 6 mstari mmoja, na 6 vingine chini yake, kila kimoja mkabala na mwenzake. Uliza, "mistari hii ina vizibo sawa au upo wenye vingi?" Atasema sawa. Halafu wewe mwenyewe panua mstari wa chini uwe mrefu, uliza swali lilelile. Ukiambiwa "huu una vingi", Piaget anakwambia bado hajajua kwamba idadi haibadiliki kwa kupangwa.

Nilimfanyia mtoto wa dada yangu, ana miaka 5 na miezi 8. Jumatatu kwa njia hii ya kawaida akasema mrefu una vingi, nikamuuliza kwa nini, akasema "kwa sababu umefika huku". Jumatano nikaanza upya, safari hii mdoli alikuwa "amelala" kwenye boksi, nikaweka mistari, akasema sawa, halafu mdoli akatoka mbio akavuruga mstari wa chini, nikamfokea mdoli, nikamrudisha, nikauliza tena. Akacheka, akasema "sawa tu ma'mdogo, si amevitawanya". Siku mbili tu hizo! Jaribio hili ni la McGarrigle na Donaldson, la miaka ya 1970 kule Skotilandi, na kwao kwa njia ya kawaida walipatia watoto wachache sana, kwa mdoli wakapatia zaidi ya nusu.

Kwa nini? Fikiria upande wa mtoto. Mtu mzima kauliza, nimejibu, kabadilisha kitu makusudi mbele yangu, kauliza tena lilelile. Kwetu mwalimu akikuuliza swali mara mbili maana yake umekosea. Kwa hiyo anabadilisha jibu. Mdoli akivuruga hakuna makusudi ya mtu mzima, swali la pili linakuwa na maana. Ukitaka kuhakikisha, jaribu njia ya tatu, usiulize mwanzoni kabisa, panga, panua, ndo uulize mara moja tu.

Ila usiishie hapo ukafurahi, maana mdoli naye anadanganya. Mtoto anaweza kusema "sawa" kwa sababu alikuwa anamcheka mdoli wala hakuangalia vizibo. Ndo maana nimekwambia vizibo 14, hivyo viwili vya ziada ni vya raundi ya ukaguzi: mdoli avuruge na pia aongeze kizibo kimoja, mtoto akiona. Akisema bado sawa, basi lile "sawa" la kwanza usilihesabu. Watafiti walilifanya hili mwaka 1986 na kweli watoto kadhaa walinaswa. Huyu wangu alisema "kaongeza mwizi huyu", nikaridhika.

Hatua ya 3: nani anamimina, nani anauliza

Lile jaribio la maji unalijua, glasi mbili sawa, moja unamimina kwenye chupa nyembamba, maji yanapanda juu, mtoto anasema yameongezeka. Lifanye mara mbili, mara moja mimina wewe, siku nyingine amimine mtoto. Patricia Greenfield alifanya hivi Senegal kwa watoto Wawolof katika miaka ya 1960, wa kijijini wasiosoma shule, na baadhi walieleza maji yamebadilika kwa sababu yule mtu mzima aliyamimina, kama vile ana uwezo wake. Wakimimina wenyewe majibu yakawa bora sana. Na kule Meksiko watoto wa wafinyanzi waliulizwa kuhusu donge la udongo lililobadilishwa umbo, wakawazidi wenzao, maana udongo ndo kazi ya kwao.

Tena usiwe wewe muulizaji kama mtoto amefundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa. Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet kwa Wakipsigis, Kenya, miaka ya 1970, wakaona watoto wadogo hawasemi kitu mbele ya mpimaji mtu mzima, wakati wanalelewa kusikiliza na kutii na wanafanya kazi za nyumbani za kuaminika kabisa. Kimya kile mpimaji anaweza kukiandika "hajui". Mi nilishakiandika hivyo. Kulikuwa na mtoto wa miaka 6 aliyetoka kulelewa na bibi yake kijijini, hakujibu swali langu hata moja, nikamuwekea alama ya "bado". Wiki iliyofuata nikamkuta anagawa karanga kwa wenzake wanne, moja moja kwa mzunguko, na alipoona mmoja amelundika zake na mwingine amezitandaza akawaambia zote ni sawa. Nikafuta ile alama, na tangu hapo namtumia mtoto mkubwa wa miaka 9 au 10 aulize badala yangu.

Hatua ya 4: jiwe kwenye uzi (miaka 11 na kuendelea)

Funga jiwe kwenye uzi, ning'iniza, muulize kijana: kinachofanya liende haraka au polepole ni nini, uzito wa jiwe, urefu wa uzi, au umelisukuma kwa nguvu gani? Muache ajaribu mwenyewe. Usiangalie jibu, angalia njia. Anayebadilisha jiwe na uzi kwa pamoja halafu anasema "ni uzito" bado hajatenganisha. Anayeshika yote palepale na kubadilisha kimoja, ndo huyo Piaget na mwenzake Bärbel Inhelder walimwita amefika ngazi ya nne. Kuhakiki: uzi wa sentimita 100 unaenda na kurudi mara 10 kwa kama sekunde 20, wa sentimita 25 kwa kama sekunde 10, na uzito haubadilishi kitu.

Wengi watashindwa, hata watu wazima, na hapa ndipo ngazi zinapolegea zaidi. Kijana mmoja wa miaka 13 alinivurugia uzi kabisa, lakini anaziba pancha kwa shemeji yake, na baiskeli ikipoteza upepo anaanza na vali peke yake kwa mate, ikiwa nzima ndo anatoa tyubu anaizamisha kwenye beseni kipande kwa kipande. Huko ndiko kutenganisha sababu! Piaget mwenyewe mwaka 1972 alikubali kwamba huenda watu wanafika huko kati ya miaka 15 na 20, na kila mtu katika fani yake. Luria naye, mwanasaikolojia wa Kisovieti, akiwa Uzbekistan mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliwauliza wakulima wasiosoma: kaskazini kwenye theluji dubu wote ni weupe, sehemu fulani iko kaskazini, dubu wa huko wana rangi gani? Wakamjibu hawajafika huko, wao wamemuona mweusi. Hawakukosa akili, walikataa kusema juu ya wasichokiona.

Kwenye daftari lako usiandike "yuko ngazi ya pili". Andika umri kwa miezi, ulimuuliza nini kwa maneno yaleyale, nani alibadilisha vitu, alijibu nini na alitoa sababu gani. Rudia baada ya wiki sita, na anza na ile njia aliyoshindwa.